Picha ya Majibu Imepotea: Mambo ya Kuandika Upya Ili Namba Zieleweke

Karatasi ya picha kamili ya damu huwa na mistari ishirini na zaidi. Asiye wa kada ya afya huona humo herufi kubwa, namba, na mishale miwili mitatu inayomtia wasiwasi. Ndiyo maana wengi wakitoka maabara huipiga picha na kumtumia ndugu au jamaa aliyesomea utabibu, awaeleze maana yake kwa ujumla kabla ya siku ya kurudi kliniki. Lakini picha nazo hupotea. Simu huibwa, kumbukumbu ya simu hujaa mtu akafuta bila kuangalia, au picha hufika kwa mwenzake ikiwa na ukungu kiasi cha kutotofautisha 3 na 8. Hapo ndugu husema, "Basi niandikie hayo majibu," na namna yatakavyoandikwa ndiyo itakayoamua kama ataweza kusema jambo la maana au la.

Chukua mfano wa mama wa miaka 34 anayeishi Handeni. Kwa miezi kadhaa amekuwa akichoka upesi na kuhema akipanda mlima. Amepima damu, karatasi anayo nyumbani, ila picha aliyomtumia kaka yake, tabibu aliyeko Dodoma, haifunguki. Anamwandikia hivi:

"Shikamoo kaka. Picha imegoma. Damu ni 9.1, nyeupe 6.2, sahani 480, zingine ziko chini."

"Marahaba mdogo wangu, pole. Hizo zilizo chini ni zipi, na ziko chini ya ngapi? Niandikie kila mstari kama ulivyo, kuanzia herufi za mwanzo mpaka namba za mwisho kulia. Usifupishe."

Kaka hamsumbui dada yake bure. Ujumbe wa kwanza umemwambia kwamba damu imepungua, basi. Haumwambii imepungua kwa namna gani, na katika upungufu wa damu swali hilo ndilo lenye uzito. Mtu anayevuja damu taratibu mwezi hadi mwezi, mwenye upungufu wa vitamini B12, na mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu, wote watatu wanaweza kuwa na 9.1. Kinachoanza kuwatofautisha ni mistari ile aliyoiita "zingine".

Mstari mmoja una sehemu nne

Kila mstari wa majibu una jina la kipimo, namba, kizio, na kiwango cha kawaida. Kizio ni zile herufi zinazoifuata namba, kama g/dL au fL, zinazosema kitu kimepimwa kwa ujazo au uzito gani. Kiwango cha kawaida ni zile namba mbili zenye kistari katikati, yaani mipaka ambayo maabara ile inatarajia watu wengi wenye afya waangukie ndani yake. Pembeni huweza kuwa na herufi H, maana yake namba imezidi mpaka wa juu, au L, maana yake iko chini ya mpaka. Mashine nyingine huchora mshale wa juu au wa chini.

Dada alipoiandika upya, sehemu kubwa ya karatasi yake ilikuwa hivi:

```
Mwanamke, miaka 34, si mjamzito
Damu ilichukuliwa 12/3, saa 3 asubuhi

WBC     6.2    10^9/L    4.0-10.0
LYM%    52     %         20-40      H
LYM#    3.2    10^9/L    0.8-4.0
NEU%    38     %         50-70      L
NEU#    2.4    10^9/L    2.0-7.0
RBC     4.30   10^12/L   3.80-5.10
HGB     9.1    g/dL      11.5-15.0  L
HCT     29.2   %         35-45      L
MCV     68     fL        80-100     L
MCH     12.2   pg        27-34      L
RDW-CV  18.5   %         11-16      H
PLT     480    10^9/L    150-450    H
```

Mistari miwili ya mwanzo haimo katika orodha ya vipimo, lakini bila hiyo namba nyingi hazisomeki. Kwa himoglobini, ambayo wengi tunaiita wingi wa damu na karatasi inaiandika HGB au Hb, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuanzia chini ya 13.0 g/dL kwa mwanamume mzima, chini ya 12.0 kwa mwanamke asiye mjamzito, na kwa mjamzito mpaka hushuka hadi karibu 11.0, maana katika ujauzito maji ya damu huongezeka kuliko chembe zake. Kwa hiyo 11.6 ni upungufu kwa baba, ni upungufu mdogo kwa mama, na kwa mjamzito inaweza kuwa kawaida. Kwenye karatasi ya mama wa Handeni, 11.6 isingewekewa hata alama ya L, kwa sababu maabara ile imeweka mpaka wake kwenye 11.5. Jinsia, umri na hali ya ujauzito viandikwe hata kama mtu anadhani ndugu yake anavijua.

Jina kamili, namba ya faili, namba ya bima na namba ya simu havihitajiki kwa kazi hii. Viachwe kwenye karatasi.

Kosa lililojificha katika mstari mmoja

Kaka alipousoma ujumbe wa pili alisimama kwenye MCH. Hicho ni kipimo cha uzito wa himoglobini ndani ya chembe moja nyekundu, na 12.2 ni ndogo mno hata kwa mgonjwa. Hakulazimika kukisia, kwa sababu picha kamili ya damu ina mistari inayotokana na mistari mingine. Ukizidisha HGB kwa 10 kisha ukagawanya kwa RBC unapata MCH. Hapa ni 91 kugawanya kwa 4.30, jibu ni 21.2. Dada alikuwa amegeuza tarakimu mbili za mwanzo, akaandika 12 badala ya 21. Alipoangalia karatasi tena akakuta ni 21.2 kweli.

Hesabu nyingine ya namna hiyo ni kuzidisha RBC kwa MCV na kugawanya kwa 10, ambako hutoka HCT, yaani sehemu ya damu iliyojaa chembe nyekundu. Hapa 4.30 mara 68 ni 292.4, ukigawanya kwa 10 ni 29.2, sawasawa na karatasi. Hesabu hizi mbili anaweza kuzifanya yeyote kwenye kikokotoo cha simu kabla ya kutuma. Zikipishana kwa nukta moja au mbili si neno, ni kukadiria tu kwa mashine. Zikipishana sana, kuna tarakimu iliyogeuzwa au nukta iliyoruka, na mahali pa kuitafuta ni kwenye karatasi. Ikiwa karatasi yenyewe ndiyo iliyoandikwa kwa mkono na hesabu bado hazikubaliani, huenda aliyenakili kutoka kwenye mashine ndiye aliyekosea, na maabara iulizwe.

Kizio kikiachwa, namba hupotosha

Watu wengi huona kizio kama pambo na kukiacha. Angalia sukari. Mtu akiandika "sukari 7.2" kwa kawaida ni mmol/L, kizio kinachotumika sana Tanzania na Kenya. Akiandika "sukari 126" ni mg/dL, kizio cha Marekani na nchi nyingine kadhaa, na mashine ndogo za nyumbani huweza kuonyesha chochote kati ya hivyo viwili. Kubadili mg/dL kuwa mmol/L unagawanya kwa 18, hivyo 126 ni 7.0. Kwa sukari kizio kikisahauliwa, ukubwa wa namba wenyewe humsaidia msomaji kubahatisha.

Himoglobini haina huruma hiyo. Maabara zetu huandika g/dL, nyingine huandika g/L, ambapo 9.1 huwa 91. Lakini Uholanzi na Denmaki, ambako pia wako ndugu zetu wanaoishi na kupima huko, himoglobini huripotiwa kwa mmol/L. Huko mtu wa 9.1 g/dL ataandikiwa takriban 5.6. Akimpigia shangazi yake muuguzi aliyeko Mombasa na kusema "damu yangu ni 5.6", shangazi atadhani ni 5.6 g/dL, upungufu mkali unaohitaji hospitali siku hiyo hiyo. Namba ni ile ile na mwili ni ule ule. Kilichopungua ni herufi chache tu upande wa kulia.

Kriatinini, kipimo cha figo, nayo ina vizio viwili: 88 kwa µmol/L ni sawa na karibu 1.0 kwa mg/dL. Herufi µ haipatikani kwenye simu nyingi, kwa hiyo watu huiruka wakaandika "mol/L". Inatosha kuandika umol/L, msomaji ataelewa. Vilevile 10^9/L na 10^12/L si kitu kimoja. Chembe nyeupe na sahani huhesabiwa kwa kizio cha kwanza, chembe nyekundu kwa cha pili.

Alama nyingine zinazomezwa wakati wa kunakili ni asilimia na reli. Kwenye karatasi ya dada, LYM% na LYM# zote ni habari za limfosaiti, aina moja ya chembe nyeupe. Ya kwanza ni sehemu yake katika mia, ya pili ni idadi yenyewe. Angeandika "LYM 52 H" peke yake, msomaji angeona kitu kimezidi. Lakini 52 kwa mia ya 6.2 ni 3.2, na idadi hiyo imo ndani ya mipaka. Asilimia imepanda kwa sababu aina nyingine, nyutrofili, sehemu yake ni ndogo, nayo kwa idadi pia haijatoka nje ya mipaka. Idadi ndiyo inayopewa uzito zaidi kuliko asilimia.

Alama ya "<" pia iandikwe. Kipimo kilichotoka "<5" kinasema kiasi ni kidogo kuliko ambacho mashine inaweza kukihesabu, ilhali "5" ni kiasi kilichohesabika. Na kwa majibu ya maneno au misalaba, kama yale ya mkojo yenye "Nil", "+" au "++", nakili kama yalivyo. Usiyatafsiri wala kuyafupisha kuwa "nzuri" au "mbaya".

Kiwango cha kawaida ni cha maabara ile ile

Wapo wanaotuma namba bila mipaka yake, wakiamini mtaalamu anaijua kichwani. Anajua mipaka ya jumla, lakini mashine na kemikali hutofautiana, na kila maabara huchagua mipaka ya kufuata. Sahani 420 katika maabara yenye mpaka wa juu wa 450 haina alama, katika maabara yenye mpaka wa 400 itawekewa H. Bila mipaka, msomaji hawezi kujua kama ile H ni ya kupita kidogo au ya kupita sana.

Kuna sababu nyingine inayowagusa Waafrika moja kwa moja. Mipaka mingi iliyowekwa kwenye mashine ilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Watafiti waliopima watu wazima wenye afya Mbeya, na wengine Kericho nchini Kenya, walichapisha matokeo yao mwaka 2008, na ikaonekana nyutrofili za watu wa huku huwa chache kuliko mipaka hiyo ya ugenini. Sehemu kubwa ya jambo hili ni ya kurithi: Waafrika wengi hawana alama iitwayo Dafi juu ya chembe nyekundu, na watu hao huwa na nyutrofili chache katika damu inayozunguka bila kuugua mara kwa mara kwa sababu hiyo. Hivyo NEU# ya 1.7 yenye L mbele yake, kwa mtu mzima asiye na homa wala maambukizi yanayojirudia, mara nyingi haina neno. Ili msomaji aweze kulisema hilo, anahitaji namba, anahitaji mpaka uliotumika, na anahitaji kujua kama mtu anaumwa.

Sasa namba zinasema nini

Baada ya MCH kusahihishwa, kaka alikuwa na cha kueleza. HGB imeshuka hadi 9.1. Lakini idadi ya chembe nyekundu, RBC, haijashuka. Maana yake mwili unatengeneza chembe za kutosha, ila kila chembe ni ndogo, kama MCV ya 68 inavyoonyesha, na imebeba himoglobini kidogo, kama inavyosema MCH ya 21.2. RDW ya 18.5 inaonyesha ukubwa wa chembe hizo haulingani, nyingine ndogo na nyingine ndogo zaidi. Sahani zimepanda kidogo. Chembe nyeupe ziko sawa.

Mistari hii ikiwa pamoja kwa mwanamke wa umri huo, kisababishi kinachoongoza ni upungufu wa madini ya chuma. Bila chuma mwili hauwezi kutengeneza himoglobini ya kutosha, chembe zinatoka ndogo na zimepauka, na sahani mara nyingi hupanda kidogo. Ndiyo maana swali la kaka lililofuata halikuhusu namba tena. Aliuliza kama hedhi ni nzito na hudumu siku ngapi, kama aliyejifungua mwisho ni lini, kama kuna choo cheusi au maumivu ya tumbo, na kama amewahi kupimwa minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu utumboni.

Hata hivyo chembe ndogo si chuma peke yake. Ukanda wa pwani, Kenya na Tanzania, wapo watu wengi waliorithi thalasemia ya aina nyepesi, ambayo nayo huzifanya chembe kuwa ndogo. Kwa watu hao idadi ya chembe nyekundu huelekea kuwa juu, RDW haipandi sana, na himoglobini haishuki kufikia 9 kwa sababu hiyo peke yake. Karatasi ya dada inaelekea kwenye chuma kuliko huko, lakini kuelekea si kuthibitisha. Kipimo kinachothibitisha zaidi ni feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Nayo ina mtego wake, kwani hupanda mtu akiwa na homa au uvimbe wa ndani, ikaficha upungufu uliopo.

Hapo ndipo maelezo ya mbali yanapoishia. Namba zilizonakiliwa vizuri zinaweza kusema ni aina gani ya tatizo inayoelekea, ni kipimo gani kifuate, na mgonjwa aende kliniki na maswali yapi. Haziwezi kumwona mtu akiwa mweupe machoni wala kusikia mapigo ya moyo wake. Kipimo cha dawa, na hata uamuzi wa kumpa mtu vidonge vya chuma, ni wa mtoa huduma aliyemwona, maana wako wenye magonjwa ya kurithi ya damu au waliowahi kuongezewa damu mara nyingi ambao chuma cha ziada huweza kuwadhuru. Na mtu ambaye himoglobini yake iko chini ya 7 g/dL, au anayehema akiwa amekaa, anayezimia, mwenye maumivu ya kifua au anayetoka damu nyingi, asikae anaandika mistari. Aende hospitali na karatasi yake.

Ikiwa hata karatasi haipo

Karatasi nyingi zinazotoka kwenye mashine ni za aina ya risiti za dukani, na maandishi yake hufifia zikikaa juani au kwenye joto. Kama imefifia au imepotea, usiandike kutoka kichwani. Mtu hukumbuka ile namba iliyomshtua, akasahau kizio na mipaka, na mara nyingine akachanganya majibu ya mwaka huu na ya mwaka jana. Rudi maabara na tarehe ya kipimo na jina ulilojiandikisha nalo. Majibu huingizwa kwenye daftari la maabara au kwenye kompyuta, na mashine zenyewe huhifadhi kumbukumbu za sampuli nyingi, kwa hiyo kuchapisha nakala nyingine mara nyingi huwezekana bila kutobolewa tena.

Ukiipata, nakili mistari yote siku hiyo hiyo, ukianza na tarehe na saa ya kuchukuliwa damu. Ongeza kama ulikuwa umekula, maana sukari ya 7.2 mtu akiwa hajala tangu usiku imevuka mpaka wa kisukari ambao ni 7.0, ilhali saa moja baada ya chakula haina tatizo. Ongeza dawa unazotumia. Kisha mtu mwingine akusomee kutoka kwenye karatasi huku wewe ukifuatisha ulichoandika, mstari kwa mstari, nukta kwa nukta.

Maandishi hayo yatafaa tena baadaye. Anayetibiwa upungufu wa chuma na dawa ikamfaa, himoglobini yake hutarajiwa kupanda kama 2 g/dL katika wiki tatu hadi nne. Mama wa Handeni akirudia kipimo katika maabara ile ile, kaka ataweka 9.1 ya Machi pembeni ya namba mpya. Ikiwa imefika 11, matibabu yanaendelea hadi akiba ya chuma ijae. Ikiwa imebaki 9.2, daktari atatafuta kama dawa hazimezwi ipasavyo, kama damu bado inavuja mahali, au kama kisababishi ni kingine kabisa.